Kiti Kilichokunjika Kwenye Simu Tu

Naweka dau la sato mzima, wa kukaanga, na ugali wake, kwamba ukimaliza kusoma hapa utasema Okwach ametunga. Sema tu, nimeshazoea. Hata siku nilipowaambia watu wa Mkuyuni kwamba naiamrisha simu ichore kitu na inachora, waliniangalia kama mtu aliyelala juani. Leo hao hao wanapanga foleni kwenye kibanda changu wachorewe mabango ya saluni. Shule niliiacha darasa la sita, au shule iliniacha mimi, hilo tutabishana siku nyingine. Lakini kuanzia Mkuyuni mpaka Buhongwa, mtu anayeongea na akili mnemba ikamsikiliza ni mmoja, na ndiye huyu unayemsoma.

Ila habari hii si yangu. Ni ya shemeji yangu Rozina, mke wa kaka yangu Victor. Mimi nimo ndani yake kama chumvi tu.

Rozina anatengeneza miavuli. Usicheke. Alizaliwa kule Mara, ziwani kabisa, akaja Mwanza kuolewa na Victor, na zawadi ya kwanza kaka yangu aliyomnunulia mjini ilikuwa mwavuli mwekundu. Siku ya tatu upepo wa ziwa ukaugeuza nje ndani, njiti mbili zikavunjika. Victor akasema tutupe. Rozina akasema wewe ndiye tutakutupa. Akaufungua wote, akauweka mkekani kipande kipande, akakata spoku ya baiskeli mbovu ya jirani, akaikunja, akafunga waya. Mwavuli ukasimama. Jirani alikuja kudai spoku yake, akaondoka kwenda kuleta mwavuli wake mbovu. Ndivyo biashara ilivyoanza, na mpaka leo jirani hajalipwa ile spoku.

Anakaa pale Mkuyuni chini ya jiwe. Mawe yetu unayajua, makubwa kama nyumba. La Rozina limeinama kidogo mbele, ndilo paa lake. Miavuli aliyopokea anaining'iniza kwenye kamba, imeinamisha vichwa kama popo. Anaiita wagonjwa. Ukimletea wako anauinua, anausikiliza, anasema, "Huyu bado ana pumzi." Sijawahi kumsikia anasema hautengenezeki. Shida yake moja: mvua ikinyesha, maji yanateleza juu ya lile jiwe na kumdondokea shingoni yeye. Fundi wa miavuli analowana. Nimemcheka kwa hilo miaka yote, na kila nikimcheka ananirushia kipande cha njiti, na kila akirusha ananipata.

Sasa alikuwa na wazo. Kule Pasiansi, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuna akina mama wanaoanika dagaa. Wanakaa kutwa juani kuwalinda, maana kuna korongo wanatembea pale kama maofisa wa kodi. Wana kikundi, na mkubwa wao ni mama mmoja anaitwa Bernadeta, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Walikuwa wanatafuta viti na vivuli vya kikundi kizima. Rozina akafikiria kiti cha chuma cha kukunja, chenye bomba fupi limechomelewa ubavuni, unachomeka mwavuli humo, unakaza skrubu kwa mkono. Jioni unachomoa mwavuli, unafunga, unakunja kiti, bodaboda anabeba vyote kwapani. Akipata kazi ile, anatoka chini ya jiwe na kupanga fremu ya duka yenye bati. Akiikosa, anabaki na maji yake ya shingoni.

Mama Bernadeta alimpa sharti.

"Mimi sinunui maneno, mwanangu. Nionyeshe kikiwa wazi, nionyeshe kikiwa kimekunjwa. Na kiwe kile kile kimoja, usiniletee ndugu zake. Jumamosi Chenge naye anakuja na vya kwake. Tutaamua siku hiyo hiyo."

Chenge ni mfanyabiashara wa viti vya plastiki na miavuli mikubwa ya wakala wa pesa. Anacheka kabla hujamaliza kuongea.

Kiti cha Rozina kilikuwa hakipo bado. Kilikuwa kichwani kwake tu, na kichwa hakipigwi picha. Kwa hiyo alikuja kwa nani? Kwa Okwach.

Nikakaa naye pale chini ya jiwe, nikatoa simu, nikaandika kwa mbwembwe: mwavuli mzuri na kiti cha kukunja, ufukweni, halisi kabisa, ubora wa juu. Picha ikaja, imependeza, mpaka mawimbi yanameta. Nikamkabidhi kama bwana harusi anayekabidhi pete. Rozina akaikuza kwa vidole viwili.

"Shemeji, kiti hiki kina miguu mitano."

"Ni imara zaidi."

"Huu wa tano umetoka mchangani na haujafika popote. Na mwavuli, angalia, kushoto njiti zimejazana kama foleni ya maji, kulia ziko tatu. Hizi mbili zimeishia hewani. Nani amezishika, malaika?"

"Simu imeona miavuli milioni, Rozina. Wewe umeona mingapi?"

"Hata korongo ameona dagaa milioni. Mwambie akaange."

Yeye akachukua mgonjwa mmoja kwenye kamba, akaufungua mbele ya uso wangu. "Usiiambie mwavuli mzuri. Iambie kitu kinashika nini. Andika." Nikaandika anavyotaja: mti mmoja wa chuma, wima. Juu yake kichwa kimoja. Kutoka kichwani njiti nane ndefu, zimeachana sawasawa, kila moja inaishia kwenye ukingo wa kitambaa. Kwenye mti kuna kibomba kimoja kinachopanda na kushuka. Kutoka kwenye kibomba, njiti nane fupi, kila fupi imeshika ndefu yake katikati. Picha ipigwe kutokea chini, tumbo la mwavuli lionekane.

Hapo ndipo nilipoona simu inavyoshika adabu. Iliyofuata ilikuwa na njiti saba. Tukaomba tena, zikaja tisa. Rozina anahesabu kwa kugusa kioo, mimi natukana kwa Kijaluo. Mwishowe zikaja nane, na kila fupi iko kwa mwenzake. Tulipiga vigelegele mpaka mama wa mihogo ng'ambo ya barabara akauliza nani amejifungua.

Sasa kuufunga. Nikaandika: mwavuli ule ule, umefungwa. Wallahi, simu ikaleta mwavuli wa bluu wakati wetu ni mwekundu, njiti zimetokea nje ya kitambaa, ncha zinaangalia mbinguni, kibomba kimebaki juu kabisa. Ulikuwa unafanana na korongo aliyepigwa na gari.

"Kibomba kikiwa juu, mwavuli uko wazi," Rozina akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Njiti fupi ndizo zinazosukuma ndefu. Ukitaka ufunge, kibomba kishuke chini kuelekea mkononi. Ndefu zinalala pembeni ya mti, ncha zinaangalia mshikio. Wako huu umefungwa na shetani."

Nikaandika hayo, ikaja nusu nusu. Ndipo akili yangu ikafanya kazi, na hili naomba liandikwe kwa jina langu. Nikamwambia achukue mgonjwa mwekundu aliyekwisha kupona, asimame nao mbele ya jiwe. Nikaupiga picha ukiwa wazi, ukiwa nusu, ukiwa umefungwa. Nikaipa simu zote tatu, nikaiambia fuata hizi, usibuni. Ikafuata. Kibomba chini, ncha mkononi, kitambaa kimelegea katikati ya njiti kama gauni lililokunjwa bila pasi. Ilikuwa picha tamu. Rozina akaniita Injinia, kwa mara ya kwanza bila kebehi.

Kiti sasa hakikuwa na mgonjwa wa kupigwa picha. Ilibidi kitoke kwenye maneno matupu. Rozina akaanza kutaja, huku anakunja waya:

"Miguu mirefu inaanzia mbele chini, inapanda kuelekea nyuma mpaka inakuwa mgongo. Mifupi inaanzia nyuma chini, inapanda mpaka mbele ya kikalio. Inapishana kama mkasi. Pale inapopishana kuna bolti, kila upande. Nyuma ya kikalio kuna chuma kimoja kimelala, kinaunganisha miguu mirefu. Umeandika? Sasa kikalio..."

Mteja akaja, mama wa kwaya, mwavuli wake umegoma kufunguka na anawahi kanisani. Rozina akainuka. "Kikalio ningoje. Nikirudi tunamalizia. Usiongeze neno lako, Okwach."

Mimi mtu wa kungoja? Nikamalizia mwenyewe. Niliongeza maneno machache ya ufundi wangu, ambayo ni siri ya biashara, nikabonyeza. Kiti kikaja, ndugu yangu. Rangi ya kijani, bomba la mwavuli ubavuni, miguu minne, imepishana kama mkasi, kimekaa kiume. Nikaipa simu picha hiyo hiyo, nikaiambia kikunje. Kikalala bapa kama chapati, kimeegemea jiwe. Kile kile kimoja. Nilitamani kujipigia makofi.

Rozina aliporudi nikamficha. Nikamwambia, "Jumamosi utaziona zimechapishwa kubwa, za rangi. Mwachie Injinia." Alinitazama anavyotazama mwavuli ulionunuliwa jana, akaendelea na kazi.

Na mimi kwa mapenzi ya shemeji yangu nikafanya zaidi. Nikasema, kwa nini aende na picha tu? Nikamtumia picha zote mbili fundi Pius wa Buhongwa, anayechomelea vitanda na mageti, nikamwambia nitengenezee kimoja, hivi hivi, iwe zawadi.

Pius alinipigia. "Okwach, hiki kiti ndivyo kilivyo kweli?"

"Huoni picha?"

"Naona. Nauliza tu."

"Fuata picha, fundi."

Usimlaumu sana Pius, ingawa mimi nilimlaumu wiki nzima. Aliwahi kuingizwa kwenye shida na kitanda. Mteja alileta picha, Pius akaona mguu umekaa vibaya, akaurekebisha, mteja akakikataa kitanda mbele za watu kwa sababu hakifanani na picha. Kitanda bado anakilalia Pius mwenyewe. Tangu hapo ukimletea picha, hiyo picha ndiyo bosi.

Jumamosi nikafika mwaloni kwa kishindo. Rozina alikuwa ameshafika na mwavuli wake mwekundu, akina mama wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, dagaa wanang'aa kwenye chanja. Chenge amepanga viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine, kama mnara. Mimi nikatokea na Pius kwenye bodaboda, na kiti kijani kimefungwa nyuma, kiko wazi, miguu juu. Mbona hakijakunjwa, Rozina akauliza kwa macho. Nikamjibu kwa macho: tangazo.

"Shikamoo, mama," nikamwambia Bernadeta.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechora?"

"Ndiye mimi. Na hicho hapo kimetoka kwenye picha na kuja duniani."

Rozina alikuwa ameduwaa, mkono mdomoni. Akakizunguka kiti. Mama Bernadeta akakaa. Kiti hakikulia hata kidogo. Rozina akachomeka mwavuli kwenye bomba, akakaza skrubu, akasukuma kibomba, tak, ukafunguka, kivuli kikamwagika juu ya mama wa watu. Akina mama wakapiga makofi. Korongo mmoja aliyekuwa karibu akarudi nyuma.

"Sasa kifunge," Bernadeta akasema.

Mwavuli ukafungika kama maji. Rozina akashika kikalio cha kiti, akainua. Hakikuinuka. Akageuza, akavuta. Nikasema ni kipya, kina ugumu wa uchumba. Nikashika mimi, nikavuta, nikabaki nimekikumbatia. Pius akaja, akashika miguu ya mbele, mimi ya nyuma, tukavutana mchangani kama watoto na kamba. Kiti kijani, imara, kimetulia.

"Ongezeni mtu," akasema mama mmoja.

Chenge akajitolea, anacheka mpaka kofia imeanguka. Wanaume watatu. Tukazunguka nacho, tukaangusha mnara wake wa plastiki, vikaenda mpaka majini, na wamama wengine wakawa wamelala kwenye mchanga kwa kicheko. Mmoja alisema tukipe kiti nacho kadi ya uanachama kwa kuwa hakiyumbishwi. Rozina hakuwa anacheka. Alikuwa amechuchumaa, anaangalia ubavu wa kiti, na mkononi ana picha zangu mbili za rangi nilizokuja nazo.

Nilimuona anavyozitazama, nikaacha kuvuta. Sitaki kueleza nilivyojisikia. Nilikumbuka lile jiwe.

"Bernadeta amekwisha kuona," Chenge akasema, anaokota viti vyake. "Kwenye picha kinakunjika, duniani hakikunjiki. Vyangu havikunjiki popote, angalau havidanganyi."

"Ngoja, baba," Rozina akasema. Na hapo ndipo alipoanza kucheka, taratibu, halafu vibaya sana, mpaka akakaa chini. "Okwach. Kikalio umekifunga bolti mbele na bolti nyuma. Na mkasi nao una bolti. Tatu." Akachukua njiti tatu kutoka kwenye mfuko wake, akazishikanisha kwa ncha, ikawa pembetatu. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Haikwenda.

Akaachia kona moja. Pembetatu ikalala bapa. "Kona moja lazima iwe huru. Mbele ya kikalio ibaki na bolti, nyuma iachie. Simu yako hapa kwenye picha ya kukunja imeifuta bolti ya nyuma kimya kimya. Yenyewe haikunji, inachora tu."

"Nilisema nauliza tu," Pius akasema.

Rozina akamgeukia bodaboda. "Kaka, spana unayo?" Bodaboda gani hana. Akafungua bolti mbili za nyuma ya kikalio. Kikalio kikainuka kwa nyuma chenyewe, miguu ikafungana kama mkasi, kiti kikalala bapa. Makelele yaliyopigwa pale, nadhani Ukerewe waliyasikia.

"Usisherehekee," akaniambia. "Ukikalia sasa hivi miguu itatanuka, na Mama Bernadeta atashuka mpaka chini kama lifti. Nyuma panataka kitu cha kushika, lakini kinachoachia."

Akaangalia ndoo za dagaa. Mbili zilikuwa zimepasuka. Akang'oa mishikio yake, waya ule mnene, akaipitisha kwenye matundu ya bolti nyuma ya kikalio, akaikunja juu ya jiwe kwa jiwe jingine, ikawa ndoano mbili. Akafungua kiti. Ndoano zikashika kile chuma kilicholala nyuma, zikang'ang'ania. Akainua kikalio, zikaachia, kiti kikakunjika. Akafungua. Akakunja. Akafanya hivyo kwa haraka mpaka ilikuwa kama anapiga kinanda.

Mama Bernadeta akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Kikinidondosha, Okwach, nakuoza kwa yule korongo."

"Mahari yangu kubwa, mama."

Akakaa. Kwanza nusu, halafu yote, halafu akajitingisha makusudi, huyo mama hana huruma. Ndoano zikalia kidogo, zikatulia. Akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyepanda cheo. Akainuka, akaondoa ndoano mwenyewe, akakunja kiti mwenyewe, akakitia kwapani, akatembea nacho mpaka kwenye chanja la mwisho na kurudi.

"Nimekiona wazi, nimekiona kimekunjwa, na ni kile kile kimoja," akasema. "Tena nimeona kinavyotengenezwa. Chenge, asante, mwanangu, viti vyako vizuri, vipeleke kwenye misiba. Rozina, vyetu viwe na ndoano hizi hizi. Na rangi iwe hiyo hiyo asiyoipenda korongo."

Chenge, kusema haki, aliomba naye akalie. Alikalia muda mrefu mpaka wakamwinua.

Siku hizi Rozina yuko kwenye fremu, Mkuyuni hapo hapo, ina bati, na maji ya shingoni hayapo tena. Wagonjwa bado wananing'inia, ila sasa wako ndani. Pius anachomelea viti, anatumiwa vipimo, si picha. Na mimi ndiye mchoraji mkuu. Tunapiga picha kiti halisi kikiwa wazi, kikiwa nusu, kikiwa kimekunjwa, tunaipa simu zote, tunaomba ibadilishe rangi tu. Kila mara inafuta zile ndoano, inaona kama uchafu. Nazizungushia duara kwa kidole na kuandika: hivi viwili usiguse. Halafu Rozina anahesabu, bolti nne, ndoano mbili, njiti nane, ndipo anasema chapisha. Wateja wanauliza nani fundi wa hizi picha, najibu kabla yeye hajafungua mdomo.

Nadaiwa au nadai sato, amua mwenyewe.

Na yale maneno ya siri ya biashara niliyoongeza Rozina alipokwenda kwa mama wa kwaya yalikuwa haya: bolti tatu kila upande, kiwe imara. Nilikosea.